UZI: Barua ya ruhusa ya mtoto kwenda Kanada na mama yake mdogo, tafsiri imegeuza maana. Nisaidieni kabla hatujairudisha kwa wakili

MamaT_Kahama

Wakuu, habari za leo. Binti yangu ana miaka 11. Julai anakwenda Toronto kwa wiki tano na mdogo wangu, ambaye anaishi huko na amekuja nyumbani kusalimia. Viza ya mtoto imeshatoka. Mimi na baba yake tunabaki, yeye yuko mgodini Geita na mimi nina duka. Tuliambiwa mtoto abebe barua ya wazazi yenye kiapo cha wakili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Barua tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu baba yake hataki kuapia karatasi asiyoisoma mwenyewe, na mimi namuunga mkono. Tafsiri tulifanyiwa kwenye duka la steshenari. Jana mwalimu wake wa Kiingereza ameisoma akashtuka. Anasema kwa tafsiri ile mtoto ni wa kiume, anasafiri na "mama yake mwenye umri mdogo", na sisi tumemtoa moja kwa moja!

Barua yetu hii hapa, majina nimeyabadilisha ila mpangilio ni uleule:

> Sisi Yohana Ng'wandu na Asteria Mabula, wazazi wa Tumaini Yohana, tunamkabidhi mtoto wetu kwa mama yake mdogo Rehema Mabula, ambaye ndiye mlezi wake, asafiri naye kwenda Kanada wakati wa likizo. Wataondoka usiku wa tarehe 2 saa tisa na nusu na atarudi kabla ya tarehe 8 mwezi wa nane. Ana ruhusa ya kufanya jambo lolote kwa ajili ya safari hii.

Je, nimtafute mfasiri mwingine tu, au kuna kitu kwenye barua yenyewe? Zimebaki siku 19.

Dogo_wa_Keko

Dada, kwa pasipoti ya mtoto Uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, vitambulisho vya wazazi na picha. Barua ya hivyo mimi sikuulizwa.

MamaT_Kahama

Asante kaka, pasipoti anayo tayari. Nauliza barua ya kusafiria.

Kibo72

Hiyo barua ni sheria ya dunia nzima tangu 2015, bila hiyo mtoto hapandi ndege. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti haiangaliwi sana. Hayo ndiyo muhimu, mengine mbwembwe.

Mfasiri_Temeke

Kibo72, unayoizungumzia ni kanuni ya Afrika Kusini. Ilianza Juni 2015, na mwaka 2019 waliilegeza kwa watoto wa kigeni wanaosafiri na wazazi wao wenyewe. Kanada wana utaratibu wao. Mtoto wa chini ya miaka 18 anayeingia na mtu asiye mzazi anatakiwa awe na pasipoti yake na barua iliyosainiwa na wazazi, ikiwezekana kwa Kiingereza au Kifaransa. Barua ionyeshe anwani na simu ya wazazi, halafu jina, anwani na simu ya mtu mzima atakayemtunza kule. Huambatanishwa na nakala ya pasipoti au kitambulisho cha taifa cha wazazi, zenye saini zao. Cheti cha kuzaliwa nacho abebe, maana ndicho kinachoonyesha kwamba hao waliosaini ni wazazi wake kweli. Barua yako haina simu hata moja wala anwani, kwa hiyo hata ingetafsiriwa vizuri kiasi gani ingekuwa pungufu.

Nimetafsiri barua hizi kwa miaka mingi. Kwako mfasiri ana kosa lake, ila kubwa liko kwenye barua. Kiswahili chako mimi na wewe tunakielewa kwa sababu tunajua mama mdogo ni nani. Afisa wa mpakani hajui. Na mfasiri mwaminifu hana ruhusa ya kukusahihishia ulichoapia. Akikuta jina pungufu ataliandika pungufu vilevile. Kwa hiyo rekebisheni barua kwanza, muisaini upya mbele ya wakili, halafu ndipo itafsiriwe. Ukibadilisha kwenye tafsiri peke yake, utakuwa na karatasi mbili zinazopingana, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na tafsiri.

Nikifunga kazi nitarudi nikuonyeshe moja moja.

Kibo72

Sawa kwa Kanada, nimeelewa. Ila kwa jina bado nasimama na cheti.

BintiMombasa

Mimi yalinikuta kwenye neno "mlezi". Shemeji yangu alimpeleka mpwa wake ng'ambo, barua ikasema shemeji ni mlezi wa mtoto. Tafsiri ikaweka neno la Kiingereza la mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto, kama aliyeteuliwa na mahakama. Pale uwanjani wakamuuliza amri ya mahakama iko wapi. Hana. Kumbe sisi kwa mlezi tulikuwa na maana ya mtu wa kumwangalia tu kule. Walikaa kwenye chumba cha maswali mpaka baba mtu alipopatikana kwa simu. Mtoto alikuwa na miaka sita na alilia sana.

MamaT_Kahama

Pole sana dada. Sasa naona kwa nini mwalimu alishtuka. Mdogo wangu hajawahi kumlea Tumaini, tuliliweka lile neno kwa heshima tu.

Mfasiri_Temeke

Nimerudi. Nianze na jina, maana ndilo linalolinganishwa la kwanza.

MamaT, barua inasema "Tumaini Yohana". Pasipoti bila shaka ina majina matatu. Chukua pasipoti ufungue ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya chini yenye alama nyingi. Kwa jina la mfano huu mstari wa juu ungesomeka hivi:

```
P<TZANGWANDU<<TUMAINI<YOHANA<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Jina la ukoo linatangulia, halafu alama mbili, halafu majina mengine. Angalia pia kwamba ile alama ya king'ong'o ya Ng'wandu imepotea. Mstari huo husomwa na mashine, na kwa kanuni za kimataifa za pasipoti alama ya king'ong'o huachwa. Kwenye tiketi vilevile haitakuwepo. Hilo si kosa na hakuna anayekuzuia kwa sababu yake. Kosa ni mtu kuanza kutengeneza, mmoja anaandika Ngwandu, mwingine Nguandu, mwingine Mg'wandu. Andikeni kwenye barua kama lilivyo sehemu ya juu ya ukurasa ule, yale maandishi ya kawaida yanayosomwa na mtu, na mfuate mpangilio uleule. Wekeni namba ya pasipoti kando ya jina. Namba ndiyo inayofunga mjadala herufi zikibishaniwa.

Kibo72, cheti nacho kina kazi yake, ila anayesafiri anatambuliwa kwa pasipoti. Kama cheti na pasipoti vinatofautiana, barua iseme wazi: "ambaye katika cheti cha kuzaliwa namba fulani ameandikwa fulani". Tofauti ikiwa kubwa, kama jina zima kubadilika, wakili huandaa hati ya kiapo ya kuthibitisha majina. Kunyamaza ndiko kunakoleta shida.

Kibo72

Hapo kwenye kutaja yote mawili nimekubali. Cheti changu na pasipoti vina Joseph na Yosefu.

Mfasiri_Temeke

Twende kwenye ndugu. "Mama mdogo" neno kwa neno linakuwa mama aliye mdogo, na ndicho steshenari walichoandika. Afisa anasoma kuwa mtoto anasafiri na mama, halafu aliyesaini naye ni mama. Mama wawili? Kwa Kiingereza kuna neno moja tu linalobeba shangazi, mama mdogo na mama mkubwa, kwa hiyo hata mfasiri mzuri atapoteza upande wa undugu. Dawa ni barua ya Kiswahili kujieleza yenyewe: "Rehema Paulo Mabula, mdogo wangu mimi Asteria wa kuzaliwa, baba mmoja na mama mmoja". Hilo linatafsirika bila kupoteza kitu, na jina la Mabula kwenye pasipoti zenu mbili linaunga mkono.

Kuhusu mtoto kugeuzwa wa kiume: Kiswahili chetu "a-" ni ya wote. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri achague, na Tumaini ni jina la wote. Aliyetafsiri hakuuliza, akabahatisha. Andika "binti yetu" badala ya "mtoto wetu", utaje na jinsi kama ilivyo kwenye pasipoti. Hapo hana pa kubahatisha.

Hiyo hiyo "a-" imeharibu mstari wako wa mwisho. "Ana ruhusa ya kufanya jambo lolote." Nani ana ruhusa, Rehema au Tumaini? Sentensi inakubali wote wawili. Nimesoma mara tatu bado sijui. Mfasiri akichagua mmoja, ameandika ruhusa ambayo pengine ninyi hamkuitoa. Kwenye barua ya namna hii kila ruhusa ianze na jina la anayepewa. Itasikika nzito masikioni lakini ni salama.

MamaT_Kahama

Tulimaanisha Rehema. Kwamba akiumwa ampeleke hospitali, na aweze kusaini pale uwanjani. Basi.

NesiWaUpanga

Kama ni hospitali semeni hospitali. Naongea kama mtu wa wodini. "Kumpeleka hospitali" na "kuridhia matibabu" ni vitu viwili. Kumpeleka hata jirani anaweza. Kuridhia ni pale daktari anaposema anataka kumfanyia upasuaji wa kidole tumbo usiku huu, nani anasaini? Mkiandika "apatiwe matibabu" mfasiri ataandika kwamba mtoto atatibiwa, haitasema nani anakubali kwa niaba yenu. Amueni kati yenu wawili kama mnampa Rehema kuridhia matibabu ya dharura pekee au matibabu yote. Na kama mtoto ana mzio wa dawa, iwe karatasi ya pembeni, isichanganywe humu.

MamaT_Kahama

Baba yake anasema dharura pekee, na watupigie kwanza ikiwezekana. Nimempigia sasa hivi.

Mfasiri_Temeke

Safi, basi hayo yote mawili yaandikwe, na "ikiwezekana" lisidondoke. Likidondoka kwenye tafsiri, ruhusa inageuka kuwa sharti: daktari atasubiri simu yenu wakati mtoto anaumwa. Neno dogo vile.

Sasa "tunamkabidhi". Mimi hili neno kwenye barua za watoto siliwezi kabisa. Kwetu ni adabu, unamkabidhi mtoto kwa shangazi wakati wa likizo na hakuna anayefikiri umemtoa. Kwa Kiingereza linakwenda kwenye kuhamisha mtoto kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Maafisa wa mpakani wanafundishwa kutazama dalili za mtoto kuibwa au kupelekwa kuasiliwa kinyemela, na neno hilo linawapa sababu. Tumieni "tunamruhusu asafiri akisindikizwa na". Kusindikiza kuna mwanzo na mwisho.

Na mwanzo na mwisho vyenyewe viandikwe. "Usiku wa tarehe 2 saa tisa na nusu". Tiketi inasemaje?

MamaT_Kahama

Nimeiangalia. Inasema tarehe 3 Julai, 03:30, Dar kwenda Istanbul, halafu Toronto. Kurudi wanatua Dar tarehe 8 Agosti. Steshenari wameandika tarehe 2, saa 9:30 usiku.

Mfasiri_Temeke

Basi hapo kuna makosa mawili, moja juu ya jingine. Saa tisa na nusu yetu imeachwa bila kugeuzwa, ilipaswa kuwa 03:30. Na usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 kwa kalenda ya kizungu ni tarehe 3 tayari, siku yao inaanza saa sita usiku. Kwenye barua msiweke saa kabisa. Wekeni tarehe, mwezi kwa herufi na mwaka. Mkiandika 3/7 kuna atakayeisoma Machi 7. Na "kabla ya tarehe 8" maana yake mwisho ni tarehe 7. Anayetua tarehe 8 amekwisha kuvuka ruhusa yenu. Andikeni "hadi tarehe 8 Agosti, siku hiyo ikiwemo".

BintiMombasa

Mimi ningeweka wiki moja ya ziada mbele. Ndege zinaahirishwa.

Wakili_Mstaafu

Nisalimie wote. Hapo sikubaliani na binti, ingawa naelewa. Ruhusa pana kuliko tiketi huzua swali: kwa nini wazazi wametoa siku saba ambazo hazina safari? Mimi niliwashauri wateja kufuata tiketi na kuongeza sentensi moja, kwamba ndege ikiahirishwa na shirika ruhusa inaendelea mpaka safari inayofuata.

Nchi ya kupitia itajwe pia. Mnapitia Istanbul, basi Uturuki iandikwe kama mahali pa kubadilishia ndege. Na msiandike "na nchi nyingine yoyote". Nimeona wazazi wanaiweka ili wasisumbuke, halafu ndugu akampeleka mtoto nchi ya tatu na wazazi hawakuwa na la kusema. Walikuwa wamesaini.

Kuhusu kiapo: wakili atasaini kama Kamishna wa Viapo na kugonga muhuri. Wazazi wote wawili wafike wenyewe. Kama baba hawezi kutoka Geita, aape huko kwa wakili wa huko kwenye hati yake mwenyewe yenye maneno yaleyale. Asisainiwe na mtu.

BintiMombasa

Mzee, bado nabaki na wiki yangu. Sisi ndege ilikwama siku nne na hakuna aliyesoma sentensi yoyote, walitazama tarehe tu.

Wakili_Mstaafu

Na mimi sina la kukubishia hapo, maana si mimi niliyekuwa pale dirishani. Wazazi waamue.

Dogo_wa_Keko

Kwa nini isiandikwe Kiingereza moja kwa moja, wazazi wasaini, habari ya tafsiri iishe?

Wakili_Mstaafu

Inawezekana, kama anayeapa anakielewa. Kama hakielewi, lazima asomewe na kufafanuliwa kwa lugha anayoijua, na hati yenyewe ieleze kwamba hilo limefanyika na nani alifafanua. Baba wa huyu mtoto amesema hataki kuapia asichokisoma. Ana haki.

MamaT_Kahama

Tumeiandika upya usiku huu. Naomba mpitie:

> Sisi, Yohana Masanja Ng'wandu (baba) na Asteria Paulo Mabula (mama), ni wazazi wa binti yetu Tumaini Yohana Ng'wandu, jinsi ya kike, mwenye pasipoti ya Tanzania namba ____. Tunamruhusu Tumaini asafiri kwenda Kanada, kupitia Uturuki kwa kubadilisha ndege, na kurudi Tanzania, akisindikizwa na Rehema Paulo Mabula, mwenye pasipoti namba ____, ambaye ni mdogo wa kuzaliwa wa Asteria, baba mmoja na mama mmoja. Ruhusa hii inaanza tarehe 3 Julai na kuisha tarehe 8 Agosti mwaka huu, siku hizo zikiwemo. Ndege ikiahirishwa na shirika, ruhusa inaendelea hadi safari inayofuata.
>
> Tumaini ataishi kwa Rehema, anwani ____, simu ____. Rehema anaruhusiwa kuridhia matibabu ya dharura ya Tumaini kwa niaba yetu, baada ya kutupigia simu ikiwezekana. Rehema hapewi mamlaka ya kisheria ya malezi ya Tumaini. Sisi tunapatikana kwa anwani ____, simu ____.

NesiWaUpanga

Sehemu ya matibabu imekaa vizuri.

Mfasiri_Temeke

Imekaa. Kitu kimoja tu: badala ya "mwaka huu" andikeni mwaka wenyewe kwa tarakimu. Karatasi haijui inasomwa mwaka gani.

Baada ya kiapo, mpe mfasiri nakala kamili yenye muhuri, wala si ile ya kwenye kompyuta. Muhuri nao unatafsiriwa, maneno yote yaliyo ndani yake, pamoja na chochote wakili alichoandika kwa mkono. Palipo na saini mfasiri anaandika neno "saini" kwenye mabano. Pasiposomeka anaandika kwamba hapasomeki, asikisie. Mwisho anaweka tamko lake kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, jina lake, tarehe na simu. BAKITA wanatafsiri na kuthibitisha tafsiri, unaweza kuanzia huko.

MamaT_Kahama

Mume wa Rehema ni mhadhiri kule, Kiingereza chake ni kizuri sana. Amejitolea kutafsiri bure.

Mfasiri_Temeke

Mshukuru, ila hapana. Idara ya uhamiaji ya Kanada kwenye maombi yake inakataa tafsiri zilizofanywa na ndugu wa mwombaji, hata kama ndugu huyo ni mfasiri mwenye cheti. Barua yenu ni ya kuonyesha mpakani, haiendi kwenye maombi, lakini mkono wa mume wa msindikizaji kwenye karatasi inayompa mkewe ruhusa utaulizwa popote.

MamaT_Kahama

Mrejesho wakuu. Baba Tumaini alipata ruhusa kazini, akaja, tumeapa wote wawili Ijumaa. Tafsiri imetoka leo kwa mfasiri mwingine. Tumekaa na Tumaini mezani, yeye anasoma pasipoti herufi kwa herufi, mimi nafuata kwenye tafsiri kwa kalamu. Tarehe ziko sawa, "ikiwezekana" ipo, yeye ni wa kike. Lakini "Yohana" limeandikwa na J mwanzoni kwenye jina la baba yake, na kwenye jina la Tumaini halijaguswa. Nimempigia, anasema kwa Kiingereza huandikwa hivyo. Nimemwambia hilo ni jina la mume wangu na la mwanangu, liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Anatoa nakala mpya kesho asubuhi.

Mfasiri_Temeke

Umefanya sawa kabisa. Ikitoka soma tena yote kuanzia mwanzo, usisome lile neno pekee. Atakuwa amegusa faili.

Kibo72

Na kama mzazi mmoja ameshatangulia mbele za haki? Mpwa wangu baba yake alifariki, anasafiri Desemba na shangazi yake.

Wakili_Mstaafu

Pole kwa msiba. Mama peke yake anaapa, anaeleza hivyo ndani ya barua, na cheti cha kifo kinaambatanishwa. Nacho kitafsiriwe kama hakiko kwa Kiingereza. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo mlilinganishe na lile la kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto kabla hamjakwenda kwa mfasiri.

Kibo72

Nimeyatazama sasa hivi. Kimoja kina majina mawili, kingine matatu. Kesho nakwenda kwa wakili na vyote viwili.